Nataka mshahara uhamie benki nyingine, ofisi inadai barua mbili

*Shikamoo mzee. Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja hapa Morogoro. Mshahara wangu unapitia benki ambayo mawakala wake huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, na makato yake ya kila mwezi siyaelewi. Nimefungua akaunti benki nyingine. Mwezi uliopita tarehe 22 nikaipiga picha kadi mpya, nikamtumia afisa utumishi kwa WhatsApp: "Dada, mshahara uingie huku." Akanirudishia kidole gumba. Tarehe 26 mshahara ukaingia kule kule kwa zamani na rejesho la mkopo likakatwa. Nilipouliza, akasema niandike barua rasmi, na kwa kuwa nina mkopo nilete pia barua ya benki ya zamani kwamba haina pingamizi. Mkopo umebaki marejesho 14, kila mwezi 215,000. Kabla ya rejesho hilo naingiziwa 780,000. Jamani, mshahara si wangu? Na hiyo barua inaandikwaje? Mume wangu kachoka na habari hii, anasema niwape akaunti yake yaishe.*

*Mama Wawili, Kihonda*

Marahaba mwanangu.

Mshahara ni wako, na sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 27, inataka mfanyakazi alipwe taslimu, isipokuwa mwenyewe akikubali kulipwa kwa hundi au kuingiziwa fedha kwenye akaunti aliyoitaja kwa maandishi. Anayeitaja akaunti ni mfanyakazi. Mwajiri hana benki yake anayoweza kukulazimisha kwa sababu tu ndiyo iliyozoeleka kwa mhasibu, ingawa viwanda vingi hufanya hivyo na watu hunyamaza.

Sasa huyo afisa utumishi usimnunie. Jiweke kwenye kiti chake. Simu inalia, kuna picha ya kadi na maneno manne. Anajuaje kwamba simu iko mikononi mwako? Siku hizi kuna wizi wa namna hii hii: mtu anajifanya mfanyakazi, anaandika ujumbe au barua pepe kwa watu wa mishahara karibu na mwisho wa mwezi, anasema amebadilisha benki, anatoa namba mpya. Mshahara unaenda, unatolewa siku hiyo hiyo, na mfanyakazi halisi anakuja kuuliza tarehe 30 fedha zake ziko wapi. Ofisi inayokubali badiliko la akaunti kwa ujumbe wa simu ndiyo unayopaswa kuiogopa. Kosa lake dada huyo ni kile kidole gumba. Angekwambia siku ile ile kwamba haitoshi.

Halafu kuna hiyo picha yenyewe. Namba ndefu iliyo mbele ya kadi, ambayo kwa kadi nyingi ina tarakimu 16, ni namba ya kadi. Namba ya akaunti ni nyingine kabisa, unaikuta kwenye karatasi ulizopewa siku ya kufungua au kwenye programu ya benki kwenye simu. Hata dada wa watu angetaka kukusaidia, ile picha isingemfikisha popote. Na kama ulipiga na upande wa nyuma zile tarakimu tatu zikaonekana, nenda benki uombe kadi nyingine, kwa sababu hizo ndizo watu wanazotumia kununulia vitu mtandaoni kwa fedha za mwenzao.

Turudi kwenye mkopo, kwa sababu ndipo fundo lilipo. Barua ya akaunti mpya utaimaliza kwa dakika kumi. Kinachohitaji akili ni yale uliyoyasaini siku unachukua fedha.

Mikopo ya wafanyakazi haitolewi kwa dhamana ya nyumba wala shamba. Dhamana ni mshahara. Kwa hiyo pamoja na mkataba wako, benki ilipeleka fomu kwa mwajiri, na mwajiri akagonga muhuri akiahidi kwamba mshahara wako utaendelea kupita kwenye akaunti ile mpaka deni liishe, na kwamba ukiacha kazi ataiarifu benki. Tafuta nakala yako. Kama umeipoteza, iombe ofisini, iko kwenye jalada lako. Ukiisoma utaelewa kwa nini afisa utumishi anadai barua ya pili: kiwanda kimetia sahihi, na kikiuhamisha mshahara kimya kimya, benki itakidai kiwanda maelezo. Sheria inakupa haki ya kuchagua akaunti, lakini wewe mwenyewe uliichagua ile ya zamani kwa mkataba mpaka mwezi wa mwisho wa rejesho. Hivyo viwili havipingani.

Kabla hujakata shauri, chukua slipu yako ya mshahara uangalie upande wa makato. Utaona kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii, pengine bodi ya mikopo ya elimu ya juu kama ulisomeshwa nayo. Hivyo vyote mwajiri anavikata kabla fedha hazijaondoka kiwandani na havijali uko benki gani. Swali ni moja: je, kuna mstari wa mkopo wa benki wenye 215,000? Ukiwepo, maana yake mwajiri ndiye anayekata na kupeleka, na wewe ulimruhusu kwa maandishi, kwa sababu sheria hiyo hiyo, kifungu cha 28, haimruhusu akukate kwa ajili ya deni bila idhini yako ya maandishi. Hapo hali ni nyepesi: makato yanaweza kuendelea vile vile na kilichobaki kikaenda benki mpya, na benki ya zamani mara nyingi haina sababu kubwa ya kukataa.

Lakini kwa unavyoeleza, mshahara unaingia wote 780,000 halafu rejesho linakatwa. Kwa hiyo slipu yako haitakuwa na mstari huo. Anayekata ni benki yenyewe, inavizia fedha zikiingia. Mshahara ukihama leo bila mpangilio, mwisho wa mwezi benki itanyoosha mkono ikute akaunti tupu. Rejesho litahesabiwa halikulipwa, faini itaanza, na baada ya muda jina lako litapelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo, ile ambayo benki zote huichungulia kabla ya kumkopesha mtu. Ukifika hiyo benki mpya unayoipenda kuomba hata milioni moja ya ada za shule, watakuonyesha mlango kwa adabu.

Una njia tatu hapa, na nitakwambia ninayoipenda.

Ya kwanza ni benki mpya kuununua mkopo. Unakwenda benki ya zamani, unaomba taarifa ya maandishi ya kiasi cha kumaliza mkopo leo. Usikubali kuambiwa kwa mdomo, wala usizidishe marejesho mwenyewe. Mara 14 ya 215,000 ni 3,010,000, lakini ndani yake mna riba ya miezi ambayo haijafika. Tuseme mkopo wako una riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni lililobaki: kiasi halisi cha kumaliza leo kingekuwa kama 2,710,000. Ukiletewa karatasi yenye milioni tatu na ushee, uliza kwa nini, kisha fungua mkataba uone kama kuna ada ya kumaliza mapema. Benki mpya ikilipa, ya zamani inakuandikia barua ya kutokuwa na deni, unaipeleka kazini pamoja na barua yako ya kuhamisha mshahara, na mwajiri anasaini fomu ya benki mpya. Inawezekana na watu wengi hufanya. Tatizo ni kwamba ofisa mikopo atakushawishi uongeze kidogo juu, uanze upya miezi 48 au 60, na utalipa tena ada ya kuandaa mkopo na bima. Kwa deni la miezi 14, kuhamia deni la miaka mitano kwa sababu mawakala wako mbali ni biashara ya hasara.

Ya pili ndiyo anayoitaka afisa utumishi: unaiomba benki ya zamani ikubali kwa maandishi kwamba mshahara uhame, nawe unaweka maelekezo ya kudumu kwenye akaunti mpya ili kila mwezi 215,000 zirudi kulipia mkopo. Omba, hakuna ubaya. Tegemea kukataliwa. Benki haiachii mshahara iliokopeshea kwa sababu mteja kaahidi kwamba atakuwa anatuma.

Ya tatu haihitaji ruhusa ya mtu. Acha mshahara uingie kwa zamani kwa hii miezi 14, kisha weka maelekezo ya kudumu huko huko kwa zamani, kwamba kila mwezi kiasi fulani kihamishiwe akaunti yako mpya. Unajaza fomu tawini mara moja, na baadhi ya benki zinakuruhusu kufanya hivyo kwenye simu. Kwa hesabu zako, 780,000 ukitoa 215,000 zinabaki 565,000. Usiandike 565,000. Kuna ada ya kuhamisha kwenda benki nyingine, kuna ada ya mwezi ya akaunti, na salio likipungua hata shilingi mia, agizo zima linakataliwa, halihamishi hata nusu. Andika 550,000, zile 15,000 zibaki kulinda agizo. Tarehe nayo iwe nyuma ya siku ya mshahara kwa siku tatu au nne. Kama mnalipwa 26, weka 29 au 30, maana 26 ikiangukia Jumapili mtalipwa Jumatatu na agizo la tarehe 26 litakuwa limeshagonga mwamba. Februari ina siku 28, kwa hiyo waulize agizo la tarehe 29 au 30 wanalitendaje mwezi huo. Na mwezi ambao utakatwa siku za utoro au hutakuwa na saa za ziada, angalia mapema kama salio linatosha.

Mimi ningekwenda na hii ya tatu. Utatumia benki mpya kwa matumizi yako yote kuanzia mwezi ujao, mkopo utaisha kwa amani, na barua ya kazini utaiandika mara moja tu, siku utakayokuwa na barua ya kutokuwa na deni mkononi. Hiyo barua ya deni idai hata kama benki inasema "mfumo unaonyesha umemaliza". Mfumo wao afisa utumishi wako hauoni.

Barua yenyewe sasa. Watu huzunguka sana kwenye barua hizi. Wanasimulia foleni, wanalalamikia makato, wanaisifu benki mpya. Mhasibu hahitaji hata sentensi moja ya hayo. Anataka kujua ni nani, inatoka wapi, inakwenda wapi, kuanzia mwezi gani, na kama kuna mtu atakayekuja kudai. Iwe ukurasa mmoja, namna hii:

> Jina kamili: ……………
> Namba ya mfanyakazi: ……………
> Idara: Stoo
> Simu: ……………
> Tarehe: ……………
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (jina la kampuni),
> S.L.P. ……, Morogoro.
>
> K.K. Mkuu wa Idara ya Stoo
>
> YAH: KUBADILISHA AKAUNTI YA KUPOKELEA MSHAHARA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi niliyetajwa hapo juu naidhinisha kwamba, kuanzia mshahara wa mwezi …… mwaka ……, mshahara wangu pamoja na malipo mengine yote yanayolipwa nao, zikiwemo saa za ziada na posho, viingizwe kwenye akaunti ifuatayo:
>
> Jina la akaunti: ……………
> Namba ya akaunti: ……………
> Benki na tawi: ……………
>
> Akaunti niliyokuwa nikitumia awali, namba …………… ya benki ……………, isitumike tena kwa malipo yangu kuanzia mwezi huo.
>
> Mkopo niliokuwa nao katika benki hiyo nimeumaliza, na barua ya kutokuwa na deni ya tarehe …… nimeiambatanisha.
>
> Maelekezo haya yabaki hivyo hadi nitakapoyabadilisha kwa barua nyingine yenye sahihi yangu. Ikiwa mtapokea ombi la kubadilisha akaunti kwa simu, ujumbe au barua pepe, naomba lisitekelezwe kabla ya kuwasiliana nami ana kwa ana.
>
> Naambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa na uthibitisho wa akaunti kutoka benki.
>
> Wako mtiifu katika kazi,
>
> (sahihi)
> (jina)

Maelezo machache juu yake. Ule mstari wa kufuta akaunti ya zamani usiuache. Kwenye baadhi ya mifumo ya mishahara mfanyakazi anaweza kuwa na akaunti mbili, na karani akiongeza mpya bila kuizima ya zamani, mwezi mmoja mshahara unakwenda huku, mwezi mwingine saa za ziada zinakwenda kule. Kutaja "malipo mengine yote" kunasaidia hapo pia, kwa sababu posho wakati mwingine hulipwa kwa orodha yake ya pembeni ambayo mtu mwingine anaiandaa.

Jina la akaunti liandike herufi kwa herufi kama benki ilivyolisajili. Huku kwetu mtu ana majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, mawili kwenye orodha ya kazini, na benki wamempa la mume. Tofauti hiyo pekee inaweza kurudisha malipo. Kama uliajiriwa kwa jina la baba yako na akaunti umeifungua kwa jina la ndoa, sawazisha kwanza. Kama kuna hati ya kiapo cha majina, iambatanishe.

Kwa uthibitisho wa akaunti, omba tawini barua fupi yenye muhuri, au taarifa ya akaunti iliyogongwa muhuri ambayo juu ina jina na namba. Nakala ya kadi haifai, tumeshaona. Na kabla hujapeleka chochote, jipime mwenyewe: tuma shilingi 1,000 kutoka kwenye simu kwenda akaunti hiyo, ukiiandika namba kama ulivyoiandika kwenye barua. Kabla ya kuthibitisha, simu itakuonyesha jina la mwenye akaunti. Likitokea lako, na ile elfu ikaingia, umejua namba ni sahihi, jina linasomeka vipi, na akaunti iko hai. Kama uliifungua kwa simu bila kufika tawini, uliza kama ina kikomo cha kiasi kinachoweza kuingia au kukaa ndani. Akaunti nyingine za namna hiyo zina kikomo mpaka ukamilishe alama za vidole na karatasi.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa "imepokelewa", tarehe na sahihi ya aliyepokea, urudi nayo nyumbani. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua nani abebe mzigo mambo yakiharibika. Mwajiri akilipa kwenye akaunti tofauti na uliyoitaja, bado anadaiwa mshahara wako, na akizungusha unaweza kumpeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60 za kuwasilisha. Lakini namba ikiwa umeikosea wewe kwenye barua yako, huna pa kumshika.

Suala la tarehe. Ulituma ujumbe wako tarehe 22 na mlilipwa 26. Hata ungekuwa umeandika barua ya dhahabu, ulikuwa umechelewa. Orodha ya mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya malipo: inaandaliwa, inakaguliwa, inasainiwa na wakubwa, ndipo inakwenda benki. Baada ya hapo hakuna anayefungua faili kwa ajili ya mtu mmoja. Muulize mhasibu orodha inafungwa tarehe ngapi, na barua ifike wiki moja kabla. Ukichelewa, andika mwezi unaofuata, usiwasukume.

Muda huo huo mwombe akuonyeshe mstari wako kabla hawajafunga. Ukiangalia, anza na tarakimu ya kwanza. Akaunti za benki kadhaa huanza na sifuri, na mhasibu anayeandaa orodha kwenye Excel akiandika 0152 na kuendelea kwenye kisanduku cha kawaida, programu inaichukulia ni hesabu na kuifuta ile sifuri. Namba inabaki pungufu tarakimu moja, na kwa macho ya haraka inaonekana sawa tu. Dawa yake ni kisanduku kuwekwa kuwa maandishi kabla ya kuandika namba, jambo ambalo mhasibu analijua ila siku ya mishahara ana majina mia mbili mbele yake.

Namba isipokuwepo kabisa, fedha hurudi kwa mwajiri, ila si siku hiyo hiyo. Zinapita benki mbili, halafu mtu wa kiwandani anapaswa aone kwamba zimerudi na aandae malipo mapya. Kwa hiyo siku mbili za kazi zikipita bila mshahara kuingia, usikae ukingoja. Nenda kwa mhasibu na nakala yako yenye muhuri, mwombe aangalie kama kuna malipo yaliyorudishwa, na akupe kumbukumbu namba ya muamala uipeleke benki yako. Ukiwa na namba hiyo, benki wanaitafuta. Bila hiyo watakwambia "hatujaona kitu", na watakuwa wanasema kweli. Kibaya zaidi ni namba iliyokosewa ikawa ya mtu mwingine: hapo benki haichomoi tu fedha kwenye akaunti ya watu, na kusubiri kwako kutakuwa kurefu.

Akaunti ya zamani usiifunge mwezi huo. Ngoja mishahara miwili iingie kwa mpya kwanza. Katikati ya hapo pitia taarifa ya akaunti ya miezi sita nyuma uone kama kuna vitu vinavyojikata wenyewe ulivyovisahau: michango ya SACCOS, bima, lile agizo la kudumu tulilosema. Vihamishe au vifute, ndipo uandike barua ya kufunga. Ukiitelekeza wazi, ada ya mwezi itaendelea kuhesabiwa na siku moja utaikuta ina deni.

Na mume wako mpe salamu, lakini akaunti yake hapana. Ofisi nyingi hazitakubali mshahara wa mtu uingie kwa jina la mwingine, na hata ikikubali, slipu itasema umelipwa wewe huku taarifa ya benki ikisema kalipwa yeye. Ukienda kukopa hutakuwa na historia ya mshahara ya kuonyesha. Akitaka fedha za nyumbani zikutane mahali pamoja, fungueni akaunti ya pamoja, kisha kila mmoja awe anatuma humo kutoka kwenye akaunti yake.

Wiki hii anza na slipu ya mshahara na nakala ya fomu aliyosaini mwajiri. Kama fomu inasema tofauti na nilivyoeleza, niandikie tena uninukulie kifungu chenyewe.